Maneno ya Kata ya Kwanza

Desemba moja Flavia alisimama mbele ya ukoo mzima wa mumewe, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mikononi, akafungua mdomo, na maneno yakamsaliti. Tuseme ukweli: yalitoka. Ila yalitoka yamelala chali kama kuku wa kuuzwa, yamefungwa miguu, hayana uhai. Watoto ndio walioanza kucheka. Wakubwa walijizuia kidogo, halafu nao wakashindwa.

"Mwacheni chasaka wa watu," akasema mtu mmoja nyuma kwenye migomba, na kicheko kikaanza upya.

Chasaka ndilo jina ambalo mlimani humpa mtu yeyote asiyezaliwa mlimani. Si tusi hasa. Lakini ukiitwa hivyo umebeba mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe ni wa ukoo ule ule unaokucheka, linakukaa shingoni.

Flavia alikuwa mzaliwa wa Singida. Alikutana na Jovin, fundi umeme wa magari, wakaoana, wakapanga vyumba viwili Soweto, pale Moshi mjini, wakapata mtoto wa kiume aliyepewa jina la babu yake, Tito. Kwao Jovin ni Kibosho, juu mlimani. Na katika nyumba ile ya Kibosho kulikuwa na desturi moja isiyochezewa: Krismasi, watoto wote wakisharudi nyumbani, mkwe aliyeingia mwisho ndiye huonja mbege, humpelekea mzee wa ukoo kata ya kwanza, na humkaribisha kwa Kichagga. Ni maneno machache, hayafiki hata urefu wa Salamu Maria. Mzee akishapokea na kujibu, basi, yule mwanamke ni wa nyumba ile.

Mwaka ule mzee hakujibu. Baba mkubwa Antoni, ambaye macho yake yalikuwa yameshaziba kwa uzee na aliishi kwa masikio, aligeuza shingo huku na huku akauliza kwa Kiswahili, "Nani huyo anaongea? Anasema nini?" Kata ikachukuliwa na binamu mmoja, mambo yakaendelea.

Usiku ulipoingia na wageni wakatawanyika, mama mkwe wake, Mama Dominika, alimwambia bila hasira, "Mama Tito, usilie. Mwakani utajaribu tena. Ikishindikana, Lukresia anaolewa na mdogo wake Jovin baada ya Pasaka ya mwaka unaofuata. Yeye ni wa hapa hapa Kibosho, atayasema."

Alikusudia kumpunguzia mzigo. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa amemtwika. Ina maana nafasi ilibaki moja tu. Ikipita, Tito angekua akijua kwamba mama yake aliletewa maneno ya nyumba yao akayashindwa, na akaja mwingine akayaokota.

*

Jovin hakuwa wa kumsaidia. Si kwamba hakutaka. Kila alipomtajia neno, alilitaja huku akicheka, na Flavia akilirudia yeye alisema tu, "Si hivyo. Sema kama mimi." Ukimuuliza tofauti iko wapi, hajui. Mtu hawezi kukueleza anavyotembea.

Aliyempa njia ni Mwalimu Efraimu wa darasa la jioni, mahali ambapo Flavia alikuwa akijifunza Kiingereza ili siku moja apate kazi ya mapokezi hotelini. Mwalimu yule hakuwa na makuu. Aliwaambia wanafunzi wake hivi: "Sikio lako linakudanganya. Ukiwa unaongea, unasikia kile ulichokusudia, si kile ulichotoa. Jirekodi. Halafu sauti ya mwenye lugha ipige, yako ipige, yake, yako. Kipande kifupi, cha kutosha pumzi moja. Na usirekebishe kila kitu kwa mpigo. Tafuta kosa moja, lifukuze, ndipo utafute jingine."

Dada mmoja akalalamika kwamba sauti yake kwenye simu inamchefua.

"Inatuchefua sote," akasema Mwalimu. "Ile unayoisikia kichwani inapita kwenye mifupa yako. Hiyo ya kwenye simu ndiyo wanayoisikia wenzako. Izoee, ndiyo wanayoishi nayo."

Darasa likacheka, na Flavia akacheka nao, lakini tayari mawazo yake yalikuwa yameshapanda Kibosho.

Sasa Kichagga hakina kanda za mafunzo kama Kiingereza. Alihitaji mwenye lugha. Na mwenye lugha alikuwa jirani wa ukuta wa pili: Mektrida, fundi cherehani, mama wa makamo, mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Flavia alitaka iwe siri, hata Jovin asijue, kwa hiyo akamwomba tu, "Dada, nisemee kwa Kichagga maneno ya kumkaribisha mzee pombe. Nikurekodi."

Mektrida akaacha kukanyaga cherehani. "Mimi nitakupa cha kwetu Rombo, unielewe. Hicho cha Kibosho cha mume wako ni Kichagga cha kuazima, hakijarudishwa kwa wenyewe."

Flavia akacheka. Alikuwa amekaa Moshi muda wa kutosha kujua kwamba Wachagga wa upande huu na wa upande ule hawaachi kutaniana: huyu bahili, yule mkorofi, wale wanakula nini sijui. Akadhani ni utani kama ule. Mektrida akasema maneno, simu ikanasa, na kazi ikaanza.

Alifanya mchana, Tito akilala. Alijifunika khanga kichwani, simu karibu na kidevu, ili kelele za mtaa zisiingie. Mwanzoni alikosea kama wanavyokosea wengi: aliongea pamoja na sauti ya Mektrida, kwa mpigo mmoja, akajiona amefika. Aliporekodi peke yake akasikiliza, loo, ilikuwa aibu tupu. Sauti ya Mektrida ilikuwa imemfunika, kama kwaya inavyomfunika asiyejua kuimba.

Basi akavunja vipande. Kipande kimoja alikisikiliza mara nyingi kabla ya kukisema. Akasema, akarekodi, akapiga ya Mektrida, akapiga yake. Polepole sikio likafunguka. Akagundua kwamba Kiswahili chake kilikuwa kinakanyaga kila neno mahali pale pale, silabi ya pili kutoka mwisho, kama askari wa gwaride. Sauti ya Mektrida haikukanyaga hivyo. Ilipanda, ikakaa juu, ikashuka ghafla, ikapanda kidogo, kama njia za mlimani. Akayatupa maneno kwanza, akabaki na wimbo wake. Akauvumisha mdomo ukiwa umefungwa, mm-mm-mm, mpaka mvumo wake na ule wa Mektrida ikafuatana. Ndipo akayarudisha maneno ndani ya wimbo, moja moja.

Siku nyingine aliona amepiga hatua, kesho yake akisikiliza kwa sikio lililopumzika akaona bado. Hakukata tamaa. Mtu aliyelea mtoto mchanga anajua kwamba vitu vinakua bila kukuonyesha.

*

Novemba ilipofika, Jovin akawa na gari la mteja la kupeleka Himo, Flavia akaona ndiyo nafasi. Akapanda bodaboda na Tito mgongoni, wakapanda Kibosho kwa ile barabara ya mawe ambayo haijawahi kumhurumia mtu.

Mama Dominika alikuwa anakata majani ya ng'ombe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Lete huyo mume wangu mdogo nimshike." Akampokea Tito, wakaingia jikoni, mtori wa ndizi ukapakuliwa. Flavia hakuweza hata kumaliza bakuli. Akasimama, akajiweka sawa, akayasema maneno yote kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyoyafanyia kazi miezi yote ile. Wimbo ulipanda pale pa kupanda. Ukashuka pale pa kushuka.

Mama Dominika alimkazia macho, mdomo wazi, mtoto mapajani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akaweka mkono ukutani, machozi yakamtoka.

"Mama, nimekosea?"

"Hujakosea. Mae, hujakosea hata kidogo. Nani amekufundisha?"

"Jirani yangu."

"Jirani yako ni wa Rombo."

Flavia akashangaa. "Umejuaje?"

"Nimejuaje? Umeniletea Rombo nzima jikoni kwangu, na migomba yake." Akajifuta macho kwa khanga. "Nikifumba macho naona mwanamke wa Rombo ametoka sokoni. Mwanangu, ukimsemea baba yako mkubwa hivyo, atauliza Jovin amekuacha lini akaenda kuoa huko."

Hapo ndipo utani wa Mektrida ulipomrudia Flavia, na akaelewa haukuwa utani. Mlima ni mmoja, lakini kila upande una maneno yake na wimbo wake. Mzaliwa wa huko hulijua hilo kabla hajaota meno. Mtu wa Singida atalijulia wapi? Miezi yote ile alikuwa amechonga mpini mzuri kabisa, kumbe ni wa jembe la watu wengine.

Akakaa chini. Akataka kulia, lakini kabla machozi hayajafika likafika wazo jingine, na hilo lilimnyoosha mgongo. Mama mkwe wake hakumuuliza "nani huyu anaongea, anasema nini". Amemtambua hadi upande wa mlima. Chasaka hatambuliwi upande.

"Mama," akasema, "ikiwa nimeweza cha Rombo, na cha Kibosho nitakiweza. Nipe sauti yako."

"Sauti yangu?"

"Niirekodi kwenye simu."

Mama Dominika akamrudishia mtoto. "Hapana. Mimi sauti yangu ikazungukie mitandaoni, watu wa Dar wanicheke."

"Haitoki humu. Ni ya kwangu mimi."

"Wote husema hivyo."

Ilichukua chai mbili kumlainisha. Alipokubali alifunga kwanza kitambaa kichwani upya, kana kwamba simu itamwona, akakaa wima, akaanza kusema kwa sauti ya somo la kanisani. Neno. Kituo. Neno. Kituo. Kila neno limeoshwa, limeanikwa peke yake.

Walipoisikiliza, Mama Dominika alikunja uso. "Huyo bibi kizee ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi siongei hivyo."

"Kweli huongei hivyo," akasema Flavia, na akashtuka alivyosema bila kuogopa. Miezi michache nyuma asingesikia tofauti. "Umenisemea taratibu ili nielewe, na wimbo wake umevunjika. Maneno yakisimama moja moja yanabadilika. Nataka unavyosema kweli, baba mkubwa akiwa amekaa hapo."

"Hapo wapi? Hapo pana gunia la mahindi."

"Basi mkaribishe gunia."

Mama Dominika akamtazama, akaona hatanii. Akainuka, akachukua kata tupu iliyoning'inia ukutani, akaishika kwa mikono miwili. Akaonja hewa. Na alipogeukia lile gunia, uso wake ulibadilika. Labda alimwona mume wake marehemu, labda alimwona mama mkwe wake mwenyewe siku alipoletwa nyumba ile akiwa msichana, hakusema. Maneno yakamtoka kwa mkupuo mmoja, laini, yakishikana mikono, na mwisho wake yakazama chini kama mtu anayeketi baada ya kazi.

Flavia alibonyeza kuzima. Wakaisikiliza wote wawili.

"Hayo ndiyo," akasema Mama Dominika taratibu. "Hayo hata mimi nimeyasikia."

*

Safari hii kazi ilikwenda mbio, kwa sababu sikio lilikuwa limeshafunguliwa. Flavia alivunja vipande, akavumisha wimbo, akarudisha maneno. Ugumu ulikuwa mmoja: Rombo hakutaka kuhama. Pale katikati, kwenye jina la ukoo, sauti yake ilikuwa ikiruka juu alivyoruka Mektrida, wakati Mama Dominika alibaki chini kisha akapanda baadaye. Hakulisikia hilo mwenyewe. Alimtumia mama mkwe vipande kwa WhatsApp kupitia simu ya kijana wa duka la jirani huko Kibosho, na jibu likarudi, sauti ya mama imejaa amri: "Hapo kwenye ukoo. Rombo imechungulia dirishani. Ifukuze."

Akaifukuza. Alikipiga kile kipande kimoja, cha mama na chake, cha mama na chake, hata Tito akawa akisikia simu inalia anatikisa kichwa kwa kuufuata wimbo. Mektrida alisimama mlangoni siku moja akasikiliza, akashika kiuno.

"Yaani umenitupa."

"Sijakutupa, dada. Wewe ndiye uliyenifungua masikio."

"Haya. Wasalimie hao waazimaji." Lakini alikuwa anatabasamu, na jioni alimshonea Flavia blauzi ya Krismasi bila kumwambia.

*

Siku yenyewe ilikuwa na jua, kilele cha mlima kimetoka chote, na kihamba, shamba la migomba la ukoo, kimejaa watu na moshi wa mbuzi wa ndafu. Wifi yake Gladness, aliyekulia Dar, alimvuta pembeni. "Wifi, kama hujisikii, mimi nitamwambia mama uruke. Usijitese."

"Najisikia," akasema Flavia.

Akampa Gladness mtoto. Mama Dominika akajaza kata, akamkabidhi. Flavia akaonja, kama desturi inavyotaka, akavuka uwanja. Baba mkubwa Antoni alikuwa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti, macho yake meupe yakiangalia mahali pasipo na mtu. Watu wakageuka kumtazama. Baadhi walikuwa wameshaandaa kicheko. Ulikuwa unakiona kwenye mashavu.

Akaanza.

Kipande cha kwanza kikaenda. Cha pili kikaenda. Akafika kwenye jina la ukoo, na sauti ikaruka. Rombo, hiyo hapo, mbele za watu.

Hakukuwa na simu ya kumwambia. Hakukuwa na mtu aliyeguna. Huenda wengi hawakugundua hata. Lakini yeye alisikia. Alijisikia akiwa bado anaongea, jambo ambalo mwaka jana lisingewezekana kwake hata kwa dawa. Akasimama. Akavuta pumzi, akarudi nyuma neno moja, akalishusha jina la ukoo chini, likakaa chini, kisha likapanda mahali pake. Akaendelea hadi mwisho, na mwisho ukazama kama mtu anayeketi.

Mzee Antoni aliinua kichwa.

"Dominika," akasema kwa Kichagga, na hata Flavia alielewa, "wewe mbona umeniletea kata ya mkwe mpya?"

Uwanja ukalipuka. Safari hii kilikuwa kicheko kingine, kile ambacho watu hushikana mabega. Kwa maana ilikuwa kweli: binti mbichi wa Singida alikuwa ameongea kwa sauti ya bibi wa Kibosho, hadi kale kamkwaruzo kadogo ka kumalizia pumzi. Alikuwa amekopi vyote, na uzee ndani yake.

"Si mimi, shemeji," Mama Dominika akajibu kutoka mlangoni. "Ni mkwe wangu. Mama yake Tito."

Mzee akanyoosha mikono hewani mpaka ikagusa kata. Hakuipokea mara moja. Aliushika mkono ulioibeba, akaupapasa kama anayethibitisha ni mkono wa kijana. Ndipo akanywa, na akajibu. Akajibu yale maneno ya kumpokea mkwe, taratibu, kwa wimbo ule ule, na wazee waliokuwa karibu wakaitikia.

Halafu, kwa kuwa alishaamini anaongea na mtu wa kwao, akaendelea. Akaporomosha Kichagga kama mvua ya Aprili, maswali juu ya maswali. Flavia akashika maneno mawili matatu, yaliyobaki yakampita. Akageuka kumtafuta mama mkwe.

Mama Dominika alikuwa ameshakuja, amesimama pembeni yake, bega kwa bega, kidevu juu. Aliwatazama watu wa uwanja ule mmoja mmoja, wakiwemo wale wa kwenye migomba ya nyuma.

"Hajui vyote," akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. "Anachokijua, anakijua. Na akikosea anajisikia mwenyewe. Haya, shemeji, muulize tena, polepole. Mimi nitamsaidia."

Na mzee akauliza tena, polepole. Flavia akamsikiliza mara ya kwanza bila kujibu, akiufuata wimbo tu, kisha akafungua mdomo.